Kukataa Kazi Bila Kukata Njia

Sisi watu wa pwani twaona haya kumwambia mtu "la" usoni mwake. Tukipewa kazi tusiyoitaka, twajibu "Inshallah, tutaangalia", kisha twanyamaza. Bara, hasa kwa mwajiri asiyetuzoea, jibu hilo husikika kuwa ni "ndiyo". Huyo hukuwekea nafasi, siku ya kuanza ikafika, nawe huonekani. Neno tukufu tumeligeuza pazia, na ahadi imevunjika bila sisi kujua kwamba tuliitoa.

Tuchukue mfano wa dada mwalimu aishiye Kitengela na watoto wawili. Jumatatu apigiwa simu na shule ya binafsi mjini Kajiado: apewa kazi kwa Sh 28,000 kwa mwezi, na jibu latakiwa kufikia Ijumaa. Kitengela na Kajiado ziko kaunti moja na barabara moja, ile iendayo Namanga, lakini baina yao pana mwendo wa kilomita 50 hivi, kupitia Isinya.

Jambo la kwanza asikubali wala asikatae katika simu hiyo. Ashukuru, aombe barua ya kazi, na ataje siku: "Nitakujibu Alhamisi kabla ya adhuhuri." Istikhara ni yake na Mola wake, kwa mwajiri kinachohitajika ni siku iliyo wazi.

Kisha apige hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh 300. Kwa siku 22 za kazi ni Sh 6,600, na zabakia Sh 21,400. Tena hatafika nyumbani ila magharibi, na watoto watoka madrasa alasiri. Hapo ajiulize: je, liko jambo ambalo likibadilika nitakubali? Kama lipo, auulize uongozi kabla ya kukataa: "Je, shule ina nyumba ya walimu, au naweza kutoka saa tisa?" Lakini asiulize ikiwa hata akijibiwa "ndiyo" hatakwenda, kumsumbua mtu kwa bodi yake kisha kumkataa huumiza kuliko kukataliwa mapema.

Akijibiwa kwamba haiwezekani, basi akatae siku hiyo hiyo, ijapokuwa ni Jumatano. Mwalimu mkuu ana mtu wa pili katika orodha yake, na huyo naye huenda akachukuliwa na shule nyingine. Siku mbili alizorudishiwa ndizo atakazozikumbuka kwa wema.

Apige simu kwanza, kisha atume maandishi. Simu ni heshima. Maandishi ni kumbukumbu. Yatosha kuandika hivi:

"Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, nashukuru kwa kunipa kazi ya kufundisha, na kwa muda mlionipa siku ya mahojiano. Baada ya kufikiri, sitaweza kuipokea. Safari ya kila siku kutoka Kitengela haipatani na malezi ya wanangu kwa sasa. Ikitokea nafasi ya muda, kama vile kusahihisha mitihani wakati wa likizo, nitafurahi kuitwa."

Tazameni: "sitaweza" limesemwa mapema na bila "labda". Sababu ni moja, nayo ni ya kweli. Hakutaja shule nyingine wala mshahara wake, maana hayo huonekana kama mnada. Mlango ulioachwa wazi una jina, kwa hiyo mwajiri ajua amwitie nini.

Wengine husingizia ugonjwa wa mama. Huo ni uongo, na tena hauishi siku nyingi: walimu wa kaunti moja hukutana katika mashindano ya shule na katika matatu, na mwalimu mkuu atauliza, "Mama hajambo?"

Akiwa amjua mwenzake afaaye, na ameshamwomba idhini, aweza kumtaja katika simu. Muhula ukikaribia, ujumbe mfupi wa salamu watosha. Kumkumbuka mtu siku ya kutafuta kazi tu ni sawa na kutomkumbuka.

Haya yote ni kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi, huko si kukataa tena bali ni kuvunja mkataba. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, aliye katika majaribio hutoa notisi ya siku 7, na alipwaye kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba umetaja muda mrefu zaidi. Basi dada zetu, barua ya kazi isomwe nyumbani, na kalamu ije mwisho.