Mwizi Yumo Kwenye Maji

Nikisema kwamba mboga za majani nazipika kwenye maikrowevu, hakosekani mtu wa kunionea huruma. Ataniambia mionzi inaua vitamini, na kama anapenda kusomasoma mtandaoni atanirushia namba: asilimia 97. Mtu huyohuyo, nyumbani kwake, huchemsha kabichi kwenye sufuria iliyojaa maji mpaka ilegee, kisha maji yale anayamwaga kwenye sinki. Sina ugomvi na sufuria yake. Ugomvi wangu ni hayo maji.

Namba yenyewe haikutungwa. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya brokoli iliyopikwa kwa njia mbalimbali. Ya maikrowevu ilipoteza asilimia 97 ya flavonoidi, ya kuchemshwa ikapoteza asilimia 66, na ya mvuke ikapoteza kidogo sana. Flavonoidi si vitamini, ingawa ni kemikali za mmea tunazozihusisha na afya. Lakini kinachorukwa kila namba hiyo inaposambazwa ni kwamba brokoli ile iliingizwa kwenye maikrowevu pamoja na maji. Ilichemshwa, basi, ila ndani ya kisanduku badala ya juu ya jiko. Ukinionyesha mboga iliyochemshwa ikapoteza virutubishi, hujanionyesha kosa la maikrowevu.

Neno "mionzi" nalo linatuponza, maana tunalitumia kwa eksirei na kwa mawimbi haya pia. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu ya kuvunja molekuli ya vitamini. Yanachofanya ni kuyatikisa maji yaliyomo ndani ya jani lenyewe mpaka yapate moto, na joto hilo halina tofauti na la mkaa.

Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji. Jani likipata moto, kuta za seli zake hulegea na vilivyomo huanza kuvuja. Kukiwa na maji mengi pembeni, vinahamia huko. Vitamini C huharibiwa pia na joto na hewa, kwa hiyo kila dakika ya ziada jikoni ina gharama. Ndiyo maana mboga ya majani iliyochemshwa kwenye maji mengi inaweza kupoteza nusu ya vitamini C yake au zaidi. Mvuke huipikia juu ya maji, si ndani yake, hivyo huokoa sehemu kubwa. Maikrowevu yenye maji kidogo hushindana na mvuke, na mara nyingine huushinda, kwa sababu humaliza kazi mapema.

Chukua fungu moja la sukuma wiki. Lioshe majani yakiwa mazima, ndipo uyakate, kwa sababu ukikata kwanza kisha ukaosha umefungua milango yote na kumwagia maji ndani. Yatie kwenye bakuli la kioo, nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika kwa sahani na upike dakika 2 au 3. Kimaji kitakachobaki chini kirudishe kwenye mboga, kisha kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo na uchanganye. Mafuta hayo yana kazi: karotini, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, haiyeyuki kwenye maji na huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Utajuaje umepitiliza? Vitamini C haina rangi, kwa hiyo maji meupe si ushahidi kwamba hakuna kilichoibwa. Tazama jani. Kijani chake hung'aa kwanza, halafu kikiendelea kupikwa hufifia kuelekea rangi ya kaki. Hapo muda umeshazidi. Isipokuwa kama umetia magadi, maana magadi hulinda kijani na kulainisha jani huku yakiharakisha kuharibika kwa vitamini C. Mboga nzuri kwa macho, maskini ndani. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko maikrowevu yoyote.

Nakubali kwamba kuna maji yanayostahili kumwagwa. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha ili sianidi itoke, na hapo simsikilizi mtu wa kuniambia habari za vitamini C. Mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza oksaleti kwa sababu ya mawe ya figo ana sababu ya kuchemsha mchicha na kumwaga maji. Kabichi ya mtu mwenye figo nzima haina udhuru huo.

Wala huhitaji kununua maikrowevu. Sufuria yenye mfuniko unaobana, maji ya kufunika kitako chake tu, moto mkali, na mboga iingie maji yakiwa tayari yanachemka. Baada ya dakika 4 au 5 epua. Maji yakibaki, ni mchuzi; kula na ugali.