Kaa wa Pwani na Kaa la Moto: Mpaka Uko Wapi?

Kaa wa mikokoni na kaa la moto huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Mwenye Kimvita chake, awe wa Kisauni au wa Changamwe ya zamani iliyomo katika Thalatha Taifa, huyatamka maneno hayo mbalimbali: kaa wa pwani huanza kwa k yenye mpumuo, na kaa la moto kwa k kavu. Ndivyo ilivyo kwa paa wa porini na paa la nyumba, tena kwa tembo mnyama na tembo la kunywa. Jirani aliyekuja kutoka bara kufanya kazi bandarini mara nyingi hasikii tofauti yoyote, na hapo ubishi huanza. Katika ubishi huo kuna madai manne yanayorudiwa sana, na yote yana kasoro.

La kwanza ni kwamba herufi ni moja, basi na sauti ni moja. Mpumuo, kwa dai hilo, ni madoido ya watu wa Mvita. Historia ya maneno yenyewe inalikanusha. Majina ya ngeli ya kaa huyu na paa huyu yalikuwa na n au m mbele ya konsonanti. Nazali hiyo ilipopotea mbele ya p, t na k, iliacha mpumuo nyuma yake. Kaa la moto na paa la nyumba ni ya ngeli nyingine isiyokuwa na nazali, ndiyo maana hayapumui. W. E. Taylor, mmisionari aliyefanya kazi Mombasa, aliusikia mpumuo huo na kuuwekea alama katika kitabu chake cha methali cha mwaka 1891. Kiswahili sanifu kilipojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, alama hiyo haikuingia katika tahajia. Kutoandikwa hakukuuondoa mpumuo midomoni.

Dai la pili husemwa na wenyeji wenyewe: tofauti iko wazi hewani, pumzi ipo au haipo, hakuna katikati. Hili linahitaji kutafakariwa, kwa sababu ndilo linalohisika kuwa kweli na ndilo linaloficha mambo mengi.

Katikati ipo. Ulimi ukiachia k, kuna muda mfupi kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetemeka kwa ajili ya irabu, na muda huo ndio unaopimwa. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson waliupima katika lugha kumi na moja. Katika Kitai, ambacho nacho kina k kavu na k yenye mpumuo, wastani ulikuwa kama milisekunde 25 kwa ile kavu na kama 100 kwa ile nyingine. Baina ya namba hizo mbili hakuna ukuta. Kompyuta inaweza kutengeneza sauti ya 40, ya 55 au ya 70, na zote ni sauti halali.

Hebu tufanye jaribio hilo kwa Kimvita. Mrekodi mzungumzaji akitamka kaa, yule wa pwani, peke yake, bila huyu wala yule. Ifungue sauti hiyo katika programu ya Praat, kisha upunguze mpumuo kwa milisekunde 10 kila mara, kutoka 100 hadi 20. Utapata sauti tisa. Wachezee wasikilizaji wa Kisauni sauti hizo bila mpangilio, kila moja mara kumi, wao waonyeshe picha: mnyama au kaa la moto. Majaribio ya namna hii yamefanywa kwa lugha nyingi, na mchoro wake unajulikana: majibu hayabadiliki polepole. Hukaa upande mmoja kwa hatua kadhaa, kisha huangukia upande wa pili ndani ya hatua moja au mbili.

Sasa wachezee sauti mbili tofauti, kisha ya tatu iliyo sawa na mojawapo, na uulize inafanana na ipi. Tuchukulie kwamba sauti ya 40 iliitwa mnyama mara moja katika kumi, na ya 60 mara tisa. Alvin Liberman na wenzake wa Maabara ya Haskins, katika jaribio lao la 1957 la sauti kumi na nne kutoka b hadi d hadi g, walionyesha namna ya kukadiria matokeo kutokana na majina pekee. Tofauti ya viwango ni 0.8, zidisha kwa yenyewe upate 0.64, ongeza 1, gawa kwa mbili: 0.82. Msikilizaji angepatia mara 82 katika mia. Sauti za 80 na 100, tuseme, zote ziliitwa mnyama kila mara, kwa hiyo makadirio ni 50 katika mia, yaani kubahatisha. Jozi zote mbili zimeachana kwa milisekunde 20 zilezile. Kwa hiyo mpaka hauko hewani. Umo ndani ya anayesikiliza.

Mwenye kujaribu aangalie jambo moja. Ukikata sauti mahali ambapo wimbi halijafika sifuri, hubaki mlio mdogo wa mkato, na watu hutofautisha kwa mlio huo. Utaugundua pale jozi za upande mmoja, kama 80 na 100, zinapopatiwa vizuri kupita kiasi.

Dai la tatu ndilo linaloumiza: kwamba mtu wa bara ana sikio zito. Mwaka 1975 Miyawaki na wenzake walilipima jambo la aina hiyo kwa Wajapani na Wamarekani, kwa mfululizo wa sauti kutoka ra hadi la. Wamarekani walitofautisha vizuri penye mpaka. Wajapani walikuwa karibu na kubahatisha. Kisha watafiti wakakitoa kile kipande cha sauti kinachobadilika, wakakichezesha peke yake, kisisikike tena kama usemi. Hapo Wajapani walitofautisha sawasawa na Wamarekani. Sikio lilikuwa zima. Lugha ya kwanza ndiyo haikuwahi kudai tofauti hiyo.

Wala si suala la kabila. Peter Eimas na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba watoto wachanga wa mwezi mmoja tayari hutofautisha b na p penye mpaka wa Kiingereza. Kazi ya Janet Werker na Richard Tees ya 1984 ikaonyesha kwamba uwezo wa kusikia tofauti za lugha ngeni hupungua kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mtoto wa wazazi wa Kijaluo aliyezaliwa Likoni na kukua kwenye Kimvita hana kizuizi cha kuzaliwa nacho.

La nne hutoka kwa waliosoma kidogo habari hizi: kwamba ndani ya kundi moja sikio halisikii kitu. Limezidi. Tangu mwanzo wasikilizaji walipatia zaidi kidogo ya makadirio, na mwaka 1974 Pisoni na Tash waligundua kwamba mtu huchelewa kujibu kuwa sauti mbili ni sawa zikiwa za kundi moja lakini zimeachana. Mafunzo nayo huongeza uwezo huo.

Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mtoto aliyetoka bara kuwa hana sikio asimpime kwa sentensi, maana huyu na hili hutoa jibu kabla sikio halijafanya kazi. Amsikilizishe neno tupu, mara nyingi, kutoka kwa wasemaji mbalimbali, na amwambie kila mara lilikuwa lipi.