Shiti Bila Ukurasa na Mstari Ni Udaku Tu

Nitasema tu vile iko. Kama umetoa namba kwa picha ama kwa PDF iliyoskaniwa, ukazijaza kwa shiti, na shiti yako haionyeshi kila namba ilitoka ukurasa gani na mstari gani, hiyo si data. Hiyo ni udaku umepangwa vizuri kwa viboksi.

Najua wengi wenu mmeshafanya hii kazi. Wengine mnalipwa kwa ukurasa kuchapa stakabadhi za watu, wengine mlifanya bure Agosti 2022 wakati IEBC iliweka picha za fomu kwa tovuti yake na nchi nzima ikageuka mahasibu. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Kila msee alikuwa na shiti yake, kila shiti ilikuwa na jumla yake, na ukiuliza "hii namba umeitoa wapi?" unajibiwa "kwa fomu." Fomu gani, manze? Na 2027 si mbali, kwa hivyo tuongee hii maneno mapema, kabla watu hawajawasha laptopu.

Chukua Fomu 34B. Kwa wale hawajawahi kuiangalia: Fomu 34A ni ya kituo kimoja. 34B ni ya eneobunge lote. Ni jedwali refu la kurasa kadhaa, na kila mstari ni kituo kimoja: kodi ya kituo, jina lake, waliosajiliwa, kura za kila mgombea, jumla ya kura halali, na kura zilizokataliwa. Hiyo fomu ina uzito. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, kwa kesi ya IEBC dhidi ya Maina Kiai, ilisema matokeo ya urais yakishatangazwa kwa eneobunge ni ya mwisho, makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. So ukichapa 34B, unashika kitu ambacho watu wataenda nacho hadi kortini. Si kitu ya kubahatisha.

Sasa, kabla ya hizo safu zote za fomu, ongeza safu tatu zako mwanzoni: `faili`, `ukurasa`, `mstari`. Ni hizo tu. Faili ni jina kamili la ile PDF vile liko kwa folda yako. Ukurasa ni ile namba programu ya kusomea PDF inakuonyesha, ukihesabu kutoka karatasi ya kwanza kabisa. Usitumie namba iliyochapishwa chini ya karatasi, ju mara nyingi msee aliyeskani ameanza na barua ya jalada, ama ameruka karatasi, na hizo namba mbili hazifanani. Mstari unahesabiwa kutoka juu ya jedwali, chini ya vichwa, na unaanza tena na 1 kila ukurasa mpya.

Hapa kuna mtu atasema: "Lakini kila kituo kina kodi yake ya tarakimu 15, si hiyo inatosha?" Haitoshi, na hii ndiyo sababu kubwa ya hili posti lote. Kodi umeisoma kwa picha hiyo hiyo. Ukiikosea, umepoteza njia ya kurudi. Juu ya hiyo, kodi za kaunti kama Mombasa zinaanza na sifuri, na shiti ikidhani ni namba ya kawaida inakata hizo sifuri bila kukuuliza. Jina la kituo nalo halikuokoi: shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vinne, jina moja, tofauti ni tarakimu za mwisho tu. Ukurasa na mstari ni kitu tofauti kabisa. Hujavisoma kwa picha, umevihesabu. Hata kama mwandiko ni mbaya, hata kama skani imefifia, mstari wa 17 bado ni wa 17.

Tufanye mfano. Hizi namba nimezitunga, lakini hesabu ni ile ile. Tuseme eneobunge lina vituo 118, na wagombea ni wanne kama 2022. Shiti yako iko hivi: A faili, B ukurasa, C mstari, D kodi, E jina, F waliosajiliwa, G hadi J wagombea, K kura halali, L zilizokataliwa. Umemaliza kuchapa, umejumlisha mgombea wa kwanza, na jumla yako imepita ile ya mwisho wa fomu kwa kura 90.

Bila zile safu tatu, una kazi ya usiku mzima: vituo 118, jicho moja kwa picha, jingine kwa shiti. Ukiwa nazo, unaweka hii kwa safu ya M na kuivuta hadi chini:

```
=IF(SUM(G2:J2)=K2,"","angalia")
```

Inauliza kila mstari: kura za wagombea wanne zinafika kura halali? Mmoja tu unajibu "angalia". Ukurasa 4, mstari 17. Kwa shiti umeandika 218, 203, 2 na 1, ambayo ni 424, lakini kura halali ni 334. Unafungua PDF ukurasa wa 4, unahesabu mistari 17 kutoka juu, na ile 218 kwa picha ni 128. Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi wakati wa kuchapa. Dakika moja, kazi imeisha. Na ukitaka kujua: tofauti inayogawanyika kwa 9, kama hiyo 90, mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana. Hiyo inakuambia kosa ni la aina gani. Safu zako zinakuambia liko wapi.

Kitu ya pili hizo safu zinakufanyia ni kukuonyesha kile hakipo. Hii watu hawaifikirii. Ukiruka kituo kimoja, shiti ya kawaida haina shimo, inafuata tu. Lakini kama ukurasa wa 4 una mistari 25 kwa picha, na kwa shiti inatoka 11 inaenda 13, umeona mwenyewe. Na ukichapa ukurasa mmoja mara mbili, ama mbili wenu mkagawana kazi vibaya, hii inawashika:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,B:B,B2,C:C,C2)
```

Kila mstari lazima ujibu 1. Ukiona 2, kuna kituo kimehesabiwa mara mbili, na kura zake pia.

Sasa vile watu huharibu. Ya kwanza, wanaandika `=ROW()` kwa safu ya mstari ili wasichape namba. Inakaa fiti hadi siku unapopanga shiti kwa jina la kituo. Hapo kila kitu kinahama, na `=ROW()` inahesabu upya mahali kipo sasa, haikumbuki kilitoka wapi. Umefuta anwani ya kila kituo kwa kubonyeza mara moja. Namba ya mstari lazima iwe imechapwa. Andika 1, chini yake 2, chagua zote mbili, vuta hadi 25. Ukurasa nao andika 4 tupu na uinakili kwenda chini. Usiandike "uk4", ju ukiivuta itakuwa uk5, uk6, na utajipata na kurasa hazijawahi kuwepo.

Ya pili ni kuhesabu kwa mazoea. Jina refu likivunjika likaenda chini, huo bado ni mstari mmoja. Mstari uliokatwa kwa kalamu unahesabiwa, unaweka namba yake na kuandika "umekatwa" kwa safu ya maelezo. Mstari mtupu pia unahesabiwa. Ule wa jumla mwisho wa fomu unapewa namba yake, lakini unawekwa alama ili usije ukajumlishwa pamoja na vituo na kura zikawa mara mbili. Mkiwa wengi, andikeni hizi sheria mahali moja kabla hamjaanza. La sivyo 17 yako ni 18 ya mwenzako.

Ya tatu, picha kupitia WhatsApp. Inakuja imebadilishwa jina na imebanwa hadi 3 na 8 zinafanana. Shusha PDF yenyewe, ipe jina moja, na usiliguse tena. Weka nakala yako, ju faili kwa tovuti inaweza kuondolewa, na anwani ya nyumba iliyobomolewa haikusaidii.

Na kuna mpaka hapa, tusidanganyane. Hizi safu hazifanyi namba kuwa kweli. Ikiwa aliyejaza fomu alikosea hesabu, picha itakuonyesha kosa lake vizuri kabisa. Usimrekebishie. Chapa kile kipo, andika kwa maelezo kwamba wagombea hawafiki kura halali, halafu utafute 34A ya kituo hicho uone walioandika mbele ya kura zenyewe walisema nini. Ukirekebisha kimyakimya, shiti yako na picha zinasema vitu viwili, na atakayefuata anwani yako atafika apate uongo.

Najua ile sababu mnapenda kutoa: inakula muda. Inakula kiasi gani? Faili unaliandika mara moja na kunakili. Ukurasa hivyo hivyo. Mstari unavuta. Kwa kila ukurasa ni chini ya dakika. Lakini ukiziacha, kuziongeza baadaye ni kurudia kusoma picha zote, na hakuna mtu hurudia. Ndio maana zinawekwa siku ya kwanza, kabla ya namba yoyote.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuwaambia "niaminini." Na hiyo ndiyo ladha ya hizi safu: hazikuombi umuamini mtu. Msee akikataa namba yako, humrushii matusi, humwambii wewe ni wa chama gani. Unamwambia: ukurasa 4, mstari 17, fungua ujionee. Akikuta umekosea, amekusaidia. Akikuta uko sawa, mjadala umeisha.

So 2027, mtu akikutumia shiti yenye jumla kubwa chini na rangi za kupendeza, usianze na jumla. Chagua namba moja katikati na umuulize iko ukurasa gani. Akikosa jibu, usisambaze.