Mita 200 Utazitoa Wapi?

Wasee, wacha nianze na msamaha. Mwezi uliopita niliposti video ya mahindi ya shosho, meupe pe, lakini yana punje za njano hapa na pale. Nikasema jirani ametuharibia mbegu. Nyinyi nanyi mkaingia kwa komenti mkamtusi mzee wa watu. Enyewe nilikosea, na si kidogo.

Shosho ako Vihiga, kwa shamba la robo ekari. Mbegu yake alipewa na mamake alipoolewa, na kila msimu huweka mahindi kadhaa juu ya moshi wa jikoni ya kupanda tena. Jirani wa upande wa juu alipanda mahindi ya njano ya kuku, yakachanua wiki moja na ya shosho.

Ua la dume la mahindi liko juu kabisa ya mmea, na ndilo linamwaga chavua, ule unga wa njano unaokuchafua nguo ukipita shambani. Chini kuna zile nywele za hindi. Kila unywele umeshikana na punje moja, kwa hivyo kila punje inaweza kuwa na baba yake. Upepo ndio unaamua. Na rangi ya njano huishinda nyeupe papo hapo, msimu huo huo, kwa hindi la shosho mwenyewe.

Nilihesabu baada ya ile video. Kwa laini iliyo karibu na ua la jirani, hindi moja lilikuwa na punje 31 za njano. Hatua kumi ndani nikapata 4. Katikati ya shamba mengi hayakuwa na hata moja. Chavua ya mahindi ni nzito, nyingi huanguka karibu, lakini chache husafiri mbali. Ndiyo maana wanaozalisha mbegu mara nyingi huacha mita 200 kati ya aina moja na nyingine.

Sasa hapa ndipo video yangu ilikuwa bure kabisa. Upande wa chini kuna jirani mwingine, na yeye hupanda haibridi nyeupe kila mwaka. Chavua yake pia inaingia kwetu. Lakini nyeupe kwa nyeupe, utaona nini? Hakuna. Shosho amekuwa akilalamika kwamba mahindi yake siku hizi hayalingani urefu, mengine yanachelewa kukauka, na sisi tukilaumu udongo. Yule mzee wa njano ndiye pekee ambaye uchafu wake tunaweza kuutoa kwa mkono, punje kwa punje.

Na hiyo mita 200, piga hesabu. Ukitaka mita 200 kila upande bila mahindi mengine, ni zaidi ya ekari 31. Vihiga, buda? Hizo ni boma ngapi? Maoni yangu ni kwamba kumwambia mtu wa robo ekari "acha umbali" ni kumwambia aache mbegu yake. Yeye anafaa kuambiwa kuhusu muda. Mahindi yakipishana wiki nne hivi kuchanua, hata yakigusana kwa mpaka hayatachanganyika sana. Shida ni kwamba ukichelewa kupanda msimu wa mvua ndefu, mvua inakuacha na wadudu wanakukuta. Kwa hivyo tumekubaliana na shosho: mahindi ya kula yapandwe Machi kama kawaida, ya mbegu yapandwe Agosti, kwa sababu majirani wote wawili hupanda mboga na maharagwe wakati huo. Na mbegu itatoka katikati, kwa mimea mingi, si yale mahindi matano makubwa. Mahindi ukiyazalisha kwa mimea michache yanadhoofika.

Malenge ndiyo hunitisha zaidi. Hapo ni nyuki, na nyuki huenda mbali kuliko hizo mita zenu. Halafu malenge hayakuonyeshi kitu. Tunda litafanana na mama yake kabisa, utamu ule ule, kumbe mbegu zilizo ndani zimechanganyika. Utajua mwaka ujao, ukiwa umeshakula ya zamani yote.

Lakini ua la malenge ni kubwa, unaweza kulifunga. Jioni unatafuta la kike, lile lina kilenge kidogo chini yake, na la kiume, yote yakiwa yanakaribia kufunguka kesho. Unafunga ncha kwa uzi. Asubuhi mapema unafungua, unapaka chavua ya dume ndani ya la kike, unalifunga tena nyuki asiingie, na unaacha uzi kwa kikonyo ndio usisahau ni lipi.

Tulifunga sita. Mawili yameshika. Shosho amepiga marufuku mtu yeyote kupika malenge yenye uzi mwekundu, na mimi nimetumwa kwa mzee wa juu na kilo mbili za sukari, kuomba msamaha bila kamera.