Damu Safi? Makaburi ya Mtwapa Yanakataa

Pwani yetu ina hadithi mbili za asili, na zote zinapenda sana neno "safi". Ya kwanza inasema: sisi ni Washirazi, babu zetu walikuja na majahazi kutoka Uajemi, basi. Ya pili utaisikia kwa watu wa bara: nyinyi Waswahili ni wageni, hata hiyo miji mlijengewa na Waarabu. Mimi naona zote mbili zimekwisha, na zimemalizwa na mifupa.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa kale. Wengi walizikwa kwenye miji ya pwani kati ya 1250 na 1800: Manda na Faza kule Lamu, Kilwa na Songo Mnara kule Tanzania, na Mtwapa. Ndiyo, Mtwapa hiyo hiyo mnayoijua kwa raha za usiku. Mmoja wa viongozi wa utafiti ni mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba.

Sasa cheki hapa. Kuna kipande cha DNA ambacho unapewa na mama peke yake, na kingine ambacho mwanamume anapewa na baba peke yake. Kwa watu wengi wa makaburi hayo, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika. Upande wa baba, kwa wengi, ulitoka Asia, hasa Uajemi, na pia kulikuwa na chembe za India. Kwa hivyo hadithi ya Washirazi haikutungwa tu. Ila ilitaja mababa ikawaacha mama zetu nje.

Walijuaje ni lini? Kila kizazi kinakatakata DNA ya wazazi, vipande vinazidi kuwa vifupi. Ukipima urefu wake unaweza kuhesabu vizazi kurudi nyuma. Hesabu ilifika karibu mwaka 1000. Damu ya Arabuni ilizidi baadaye, baada ya 1500 hivi. Na Shanga, kule Pate, watu walikuwa wakiishi tangu karne ya 8. Mgeni alikuta mji na wenyewe.

Tusivuke mpaka lakini. Wengi waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, kwa hivyo ni watu wa hadhi. Mvuvi na mkulima wa wakati huo huenda walikuwa tofauti. Tena DNA haikwambii kama ilikuwa ndoa ya heshima au mabavu. Kwa hilo angalia lugha: watoto wa baba Mwajemi walikua wakiongea Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama. Mimi hapo naona mji ulimmeza mgeni, si kinyume chake.

Kwa hivyo anayekwambia "rudi Arabuni", mwambie bibi yako hakutoka popote. Na anayejisifu kwa Ushirazi safi, muulize: mama zako walikuwa nani?