Mtoto wa Wiki Sita Hafai Kunywa Mwarobaini

Wasee wa Voi, mtanitusi kwa komenti lakini leo nasema. Hiyo chai ya majani mnayompa mtoto mchanga ati ni dawa ya tumbo, wekeni chini.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na wiki sita, kilo nne. Kila jioni hapo Sikujua, ikifika saa moja, ni kilio mpaka saa nne. Nyanya akachemsha mwarobaini, akatia asali, akajaza chupa ya mililita 60. Asubuhi, mchana, jioni. Baada ya wiki kadhaa kilio kikapungua na nyanya akapewa sifa zote.

Sasa ngoja. Kilio cha aina hiyo hupanda chenyewe hadi karibu wiki ya sita, kisha hushuka, na kwa wengi huwa kimeisha wakifika miezi mitatu au minne. Ungemchezea gengetone kila jioni, bado kingeisha.

Tufanye hesabu (ndio, niliacha chuo, lakini kugawanya najua). Chupa tatu ni mililita 180 kwa kilo nne. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni kama lita 2.7. Nani kati yenu atamaliza lita 2.7 za mwarobaini kwa siku moja? Na ini lake halijakomaa, kwa hivyo sumu inakaa mwilini zaidi. Tena tumbo likijaa chai, maziwa hayaingii. Kliniki walipompima, uzito ulikuwa umesimama palepale wiki mbili.

Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha ripoti ya madaktari wa Malaysia kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa magonjwa madogo tu. Walitapika, wakalegea, wakapumua mbio, wakapata degedege. Mafuta ni makali kuliko chai, nakubali. Lakini nani hapa kwetu hupima majani?

Asali nayo inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo kuchemsha kwa jikoni hakuziui. Mtoto akifikisha mwaka, sawa. Kabla ya hapo zinaweza kumea tumboni na kutoa sumu: choo kinafunga, sauti ya kulia inafifia, ananyonya kwa udhaifu, shingo inalegea.

"Sisi wote tulikunywa tukakua." Waliokosa kukua hawako hapa kukomenti.

Na kikohozi? Kama hajafikisha miezi miwili, weka saa ya simu dakika nzima, uhesabu pumzi akiwa ametulia. Zikifika 60, hesabu tena. Zikibaki hapo, au kifua kinabonyea ndani, au amekataa kunyonya, ni hospitali usiku huohuo, na ubebe yale majani umwonyeshe daktari. Usifiche.

Dada alificha chupa. Nyanya hajaniongelesha tangu Jumapili.