Tuulizane Siku za Vidonge

Karibu kila mmoja wetu ana rafiki anayetembea na pakiti ya vidonge vya kutuliza maumivu mfukoni, na kila siku kichwa kinamuuma. Tumezoea kumpa pole. Naomba tuanze kumuuliza: "Rafiki, mwezi huu umemeza vidonge siku ngapi?" Swali hilo lina msingi wa kitabibu. Mwenye kipandauso au maumivu mengine ya kichwa ya mara kwa mara, akimeza tramado au vidonge vyenye kodeini siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuyageuza maumivu hayo kuwa ya karibu kila siku. Kwa panadoli ya kawaida au diklofenaki, mpaka ni siku 15. Kinachohesabiwa hapa ni siku, kwa hiyo hata kidonge kimoja kila asubuhi kinaweza kumfikisha mtu huko. Ubongo huzoea dawa. Nguvu yake ikiisha maumivu hurudi, mara nyingi alfajiri, naye humeza tena.

Atajibu, "Nisipomeza siwezi kufanya kazi." Ni kweli, na asibishiwe. Maumivu yake si ya kujitakia, na nafuu anayoipata ni ya kweli ingawa haidumu. Mpe kalenda ya ukutani: kila siku kichwa kikiuma aweke alama moja, akimeza dawa aweke ya pili. Baada ya mwezi, alama zitamwonyesha yeye na daktari hali ilivyo. Usimwambie atupe vidonge leo. Aliyezoea tramado au kodeini akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kutapika na kukosa usingizi, hivyo apunguziwe dozi na daktari. Aambiwe pia mapema kwamba kichwa huweza kuzidi kuuma kwa siku 2 hadi 10 kabla ya kutulia, maana wengi hurudia dawa katika siku hizo wakidhani wameshindwa.

Wapo watakaosema hospitali ni mbali na duka la dawa liko mlangoni. Ndiyo maana wito huu ni wetu sote: muuza dawa aulize siku kabla ya kutoa pakiti nyingine, na majirani na wafanyakazi wenza wakome kugawiana vidonge vikali. Wapo pia watakaohofia kwamba wagonjwa wa saratani au selimundu watanyimwa dawa. Hao wanatumia kwa mpango wa daktari, na waachwe waendelee nao. Lakini kichwa kilichopasuka kwa maumivu ghafla, homa yenye shingo kukakamaa, au upande mmoja wa mwili kulegea, visingoje kalenda: mgonjwa akimbizwe hospitali. Kwa wengine wote, kila mmoja wetu amuulize rafiki mmoja wiki hii, kisha amsindikize kliniki.